Boksi lililofika Mbeya bila simu

Kifurushi kilifungwa vizuri kuliko vyote vilivyotoka dukani wiki hiyo. Boksi la simu liliingizwa ndani ya boksi la biskuti, nafasi zilizobaki zikajazwa magazeti, selotepu ya kahawia ikazungushwa kwa urefu na kwa upana, na juu yake yakaandikwa kwa kalamu nene jina la mpokeaji, namba yake ya simu na neno MBEYA kwa herufi kubwa. Kiliondoka Mbezi Luis saa 12 jioni. Kesho yake asubuhi kilikuwa Mbeya, hakijachanika wala hakijalowa. Kilichokosekana ni simu yenyewe.

Kisa hiki nimekitunga, ndiyo maana mwenye duka hana jina. Lakini hakuna hatua yake hata moja ambayo mfanyabiashara anayetuma mizigo mikoani hataitambua. Nimeona nikisimulie kwa urefu kwa sababu habari za vifurushi vitupu huwa zinakatishwa mapema mno. Mteja akifungua boksi akakuta magazeti, neno linalofuata ni utapeli, na hapo mazungumzo hufa. Hakuna anayeuliza boksi lilifungwaje na nani, wala ni wakati gani mkono wa mtu ulipaswa kugusa kitu ukagusa karatasi. Matapeli wapo, na wengi. Ila kuna pia mzigo mtupu unaotumwa na mtu mwaminifu kabisa, na huo una mafunzo yake.

Mbezi Luis iko kando ya Barabara ya Morogoro, ukishapita Kimara kuelekea Kibamba. Leo iko ndani ya Manispaa ya Ubungo. Zamani, kabla Ubungo haijatengwa na Kinondoni, ilihesabiwa Kinondoni. Kwa miaka mingi basi la mkoani lilipita hapa likiwa limeshapakia Ubungo. Hali ilibadilika mwaka 2021. Tarehe 24 Februari mwaka huo Rais John Magufuli alizindua hapa kituo kikuu cha mabasi ya mikoani, kituo kinachobeba jina lake. Abiria walihamia huku, na vifurushi vikawafuata.

Faida ya duka la jirani na stendi hiyo inajulikana. Muuzaji wa Kariakoo akipata oda saa 11 jioni, ana foleni ya Barabara ya Morogoro mbele yake, na basi la jioni huenda likamwacha. Muuzaji wa Mbezi Luis anaita bodaboda. Oda inayolipwa saa 11 na nusu inaweza kuwa njiani kuelekea Mbeya, Songea au Mwanza kabla giza halijaingia. Mwenye duka wetu alilijenga jina lake juu ya wepesi huo. Wateja wake wa mikoani humlipa kwa simu, na yeye huahidi kwamba ukilipa kabla ya saa 11 na nusu, kesho mzigo uko kwako. Ahadi hiyo ndiyo iliyomponza, kwa sababu inaacha nusu saa ya kufanya kila kitu.

Ili kuelewa boksi lilifungwaje tupu, inabidi tuingie ndani ya duka kwanza. Duka la simu la kawaida lina kabati la kioo mbele na rafu ya maboksi nyuma. Kwa kila aina ya simu, moja hutolewa kwenye boksi na kuwekwa kabatini ili mteja aishike, aone kioo chake, ajaribu kamera. Chaja yake nayo hutolewa, maana simu ya maonyesho lazima iwe na chaji muda wote. Boksi lake halitupwi, kwani simu hiyo nayo siku moja itauzwa, na mnunuzi atataka boksi. Basi linarudishwa rafuni kusimama na wenzake, ndani likiwa na trei ya karatasi ngumu, kitabu kidogo cha maelekezo na pini ya kutolea laini. Ukilitazama kwa mbele huwezi kulitofautisha na lenye simu.

Mtu anaweza kudhani nailoni ya nje itamwambia, kwamba boksi lililofunguliwa ni lile lililochanwa. Hapana. Maduka mengi hufungua maboksi karibu yote siku mzigo unapoingia kutoka Kariakoo, ili kuhakikisha simu zinawaka na hazina mikwaruzo. Kwa hiyo rafu nzima ina maboksi yasiyo na nailoni, na moja kati yao ni ganda.

Siku hiyo, Ijumaa, mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Tukuyu alilipia simu ya shilingi 380,000. Alitaka ya bluu, yenye ujazo wa GB 128. Asubuhi ya siku hiyohiyo simu ya bluu ya mwisho iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa imeuzwa, ikabaki ya kabatini. Mwenye duka alijua. Alimwambia kijana wake, "Mwalimu mtumie ile ya bluu iliyobaki," huku akili yake ikiwa kwa mteja mwingine aliyekuwa akisubiri chenji. Kijana aligeuka rafuni, akasoma pembeni mwa boksi: bluu, GB 128. Lilikuwa limebaki moja, kama alivyoambiwa. Akalishusha.

Tazama jinsi kazi ilivyogawanyika kuanzia hapo. Kijana alileta boksi. Mwenye duka alilipokea, akasoma maandishi yake, akalilinganisha na oda iliyokuwa kwenye WhatsApp, akaliweka ndani ya boksi la biskuti. Kijana akajaza magazeti na kuzungusha selotepu. Mwenye duka akaandika jina, akaisoma namba ya simu ya mwalimu kwa sauti, tarakimu moja moja, kwa kuwa aliwahi kupotezewa mzigo kwa kukosea tarakimu moja. Wote wawili walikuwa makini. Walikagua jina, mji, namba, rangi, ujazo na malipo, na yote yalikuwa sahihi. Walichokikagua ni kila kilichoandikwa juu ya boksi. Kijana aliamini kwamba mama mwenye duka anafungua kabla ya kufunga, na mama aliamini kwamba kijana ametoa simu kabatini na kuirudisha kwenye boksi lake.

Magazeti nayo yalichangia. Boksi la simu likiwa peke yake mkononi, mtu aliyezoea angeweza kuhisi wepesi wake. Likishaingia ndani ya boksi la pili na kukazwa kwa karatasi, halitikisiki, halisikiki, na wepesi wake unapotea katika uzito wa vitu vingine. Ile kinga inayowekwa ili simu isivunjike njiani ndiyo inayomfanya mtu asijue kwamba hakuna simu.

Dirishani stendi, karani aliuliza maswali ya kawaida. Kuna nini ndani? Simu. Thamani yake? Akaandika kwenye stakabadhi: simu, moja, Mbeya, namba ya mtumaji na ya mpokeaji, shilingi 5,000 za usafirishaji. Hakufungua, na si kazi yake kufungua mzigo uliokwisha kufungwa. Lakini tangu kalamu yake ilipoandika neno hilo, kulikuwa na karatasi yenye mhuri inayodai kuwepo kwa kitu ambacho hakuna mtu aliyekiona kikiingia ndani ya boksi. Mwenye duka aliipiga picha, akamtumia mwalimu pamoja na namba ya basi. Mwalimu akajibu, "Ahsante dada, Mungu akubariki."

Jumamosi mwalimu alipanda kosta kutoka Tukuyu hadi Mbeya, kilomita kama 70 za milima. Alionyesha kitambulisho, akasaini, akapewa mzigo wake. Hakwenda nao nyumbani. Alikaa kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, akamwomba kijana wa hapo amshikie simu yake ya zamani arekodi video wakati anafungua. Alishasikia habari za watu waliotumiwa sabuni. Selotepu ilikuwa nzima pande zote, video inaonyesha. Magazeti yakatoka. Boksi la simu likatoka. Kifuniko kikainuliwa, na ndani ya trei palikuwa na umbo la simu lisilo na simu.

"Dada, umenitumia boksi."

"Boksi gani tena, mwalimu? Nimekutumia simu, risiti unayo."

"Risiti ninayo. Simu sina."

Hapa ndipo visa vingi vya aina hii huharibika moja kwa moja. Mtumaji anaapa kwamba alituma. Mpokeaji anaapa kwamba hakupokea. Kila mmoja, akiwa na uhakika wa uaminifu wake, anatafuta mtu wa tatu, na wa tatu huwa ni watu wa basi. Mwenye duka alimpigia karani wa stendi na kumtolea maneno makali. Karani akajibu kwamba kama mzigo umefika na selotepu yake, yeye hana la kusema. Kwa nusu saa kulikuwa na watu watatu waliokuwa wakisema ukweli na wote wakidhaniana wezi.

Bahati ni kwamba mwalimu alikuwa wa fizikia. Aliuliza swali ambalo watu wachache huuliza: "Dada, mzigo ulipoondoka ulikuwa na uzito gani?"

Haukupimwa. Hata hivyo mwalimu alirudisha kila kitu ndani, magazeti na yote, akaenda kwenye duka la nafaka la jirani lenye mizani ya kidijitali. Ikasoma gramu 380. Mbezi Luis, mwenye duka alichukua simu nyingine ya aina ileile, rangi nyeusi, iliyokuwa kamili ndani ya boksi lake, akaifunga kwa boksi la biskuti la aina ileile na magazeti kiasi kilekile, akaipeleka kwa muuza mchele. Gramu 650. Akatoa simu na chaja, akafunga tena. Gramu 380.

Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Simu peke yake ilikuwa na gramu 190, chaja na waya wake 80. Jumla 270, ambayo ndiyo tofauti kati ya 650 na 380. Boksi la simu na vikorokoro vyake lilichukua 130, na boksi la nje, magazeti na selotepu 250. Kwa maneno mengine, katika mzigo uliofika Mbeya hakuna kilichopungua isipokuwa simu na chaja, na hakuna kilichoongezwa mahali pake.

Ni hesabu nzuri, lakini haikumaliza ugomvi, na ningependa msomaji aone kwa nini. Uzito wa kufika unasema mzigo umefika mtupu. Hausemi ulitokea wapi utupu huo. Mtu aliyefungua njiani, akatoa simu na chaja na kufunga tena, angeacha gramu zilezile 380. Kipimo cha upande mmoja hakina mwenzake wa kulinganishwa naye. Kama Ijumaa jioni mtu angeandika uzito kwenye stakabadhi, ubishi ungekwisha kwa sekunde moja: 650 ikimaanisha kwamba simu iliondoka ikatolewa njiani, 380 ikimaanisha kwamba haikuondoka kabisa. Bila namba ya kuondokea, mizani ya Mbeya ilikuwa inathibitisha tu kile ambacho macho ya mwalimu yalishakiona. Video ya selotepu nzima ilisaidia zaidi, ingawa nayo si ushahidi wa mwisho, maana selotepu ya kahawia inauzwa kila duka na mwizi mwenye subira anaweza kufunga upya.

Kilichomaliza maneno ni namba iliyokuwa imebandikwa pembeni mwa boksi muda wote. Kila simu ina namba yake ya utambulisho, IMEI, yenye tarakimu 15, na boksi lake hubandikwa namba hiyohiyo. Watanzania wengi waliifahamu mwaka 2016, TCRA ilipotangaza kuzima simu bandia na mwezi Juni ikazizima kweli. Watu walifundishwa kubonyeza `*#06#` ili namba itokee kwenye kioo, kisha kuituma kwa ujumbe kwenda 15090 kujua kama simu ni halali. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili, na boksi lake huwa nazo mbili. Mwalimu aliisoma ya kwanza kwa sauti kutoka kwenye boksi lake tupu. Kijana wa dukani, bila kuambiwa, alifungua kabati la kioo, akachukua simu ya bluu iliyokuwa ikichaji, akabonyeza.

Tarakimu zote 15 zilikuwa zilezile.

Simu ya mwalimu haikuwahi kuondoka Mbezi Luis. Ilikaa kabatini usiku kucha na chaja yake, umbali wa hatua chache kutoka mahali boksi lake lilipofungwa. Kijana alisema kwa sauti ndogo, "Mama, ni mimi niliyeshusha boksi." Mwenye duka akamjibu kwamba yeye ndiye aliyelipokea. Kisha akampigia mwalimu kumwomba radhi, na baada ya mwalimu akampigia karani. Simu iliondoka jioni ya siku hiyo, usafirishaji ukiwa juu ya duka, na nauli ya mwalimu ya Tukuyu kwenda na kurudi ikatumwa pamoja na maneno ya pole.

Kuna wauzaji watakaosema kwamba amejitakia hasara, kwamba kwa kuwa alikabidhi mzigo kwa msafirishaji na risiti anayo, deni lake limekwisha. Wanaichanganya kanuni. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria zetu, inachukulia kwa kawaida kwamba bidhaa ikishakabidhiwa kwa msafirishaji ili impelekee mnunuzi, imekabidhiwa kwa mnunuzi. Ila kinachozungumzwa pale ni bidhaa. Boksi si bidhaa iliyonunuliwa, na stakabadhi iliyoandikwa kwa maneno ya mtumaji haiwezi kugeuza karatasi kuwa simu. Mwenye duka hakumfanyia mwalimu hisani aliposafirisha simu mara ya pili. Alikuwa anatimiza mauzo kwa mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo duka lilibadilisha mambo machache, na naona ni machache kwa makusudi. La kwanza linahusu rafu. Maboksi ya simu zilizo kabatini yaliondolewa kati ya wenzake, yakawekwa juu kabisa, yakiwa yamegeuzwa na vifuniko vikiwa wazi. Boksi tupu sasa linaonekana tupu. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa kuwa halimtegemei mtu kukumbuka chochote saa 11 na nusu jioni, wakati bodaboda anapiga honi nje.

La pili ni kwamba ukaguzi ulihamishwa kutoka kwenye maandishi kwenda kwenye kitu chenyewe, ukawekwa mahali pamoja tu: kabla selotepu haijavutwa. Anayefunga ndiye anayefungua. Simu inatolewa kwenye boksi, inawashwa, inabonyezwa `*#06#`, na mwenzake anasoma namba ya kwenye boksi huku yeye akisoma ya kwenye kioo. Ni muhimu wasome wawili. Mtu mmoja akisoma namba zote mbili, macho yake yataona anachotarajia kukiona, hasa tarakimu za mwanzo, ambazo kwa simu za aina moja hufanana. Zinazotofautisha ni zile za mwisho. Video fupi hurekodiwa bila kukatwa: namba mbili zikiwa pamoja, simu ikiingia kwenye boksi, boksi likiingia kwenye boksi la nje, selotepu ikipita. Video inayokatwa katikati haina faida, kwa sababu pale inapokatwa ndipo mtu mwenye shaka ataelekeza kidole. Selotepu ikishakaa, kalamu inapitishwa juu yake na kuingia kwenye karatasi ya boksi pande zote mbili, ili atakayeibandua na kubandika nyingine ashindwe kuunganisha mistari.

La tatu ni uzito. Duka lilinunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja hadi kilo tano. Mizani ya namna hii hairuhusiwi kuuzia bidhaa kwa uzito. Mizani ya biashara ni ile iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, yenye alama yao. Lakini kwa kujikagua inatosha kabisa, kwa sababu hapa hatutafuti uzito wa kweli hadi gramu ya mwisho. Tunatafuta kama gramu 270 zipo au hazipo. Mzigo ukishafungwa unapimwa, uzito unaandikwa juu ya boksi na kwenye ujumbe wa mteja: "Mzigo wako una gramu 650. Ukifika, upime kabla ya kufungua." Mteja akikuta 640 au 660 asiwe na wasiwasi, mizani za dukani nyingi huruka kwa gramu tano au kumi. Akikuta 380 asifungue, apige simu akiwa bado dirishani mbele ya karani.

Mpango huu una mipaka yake, na mwenye duka anawaambia wateja waziwazi. Mizani inagundua kilichokosekana, haigundui kilichobadilishwa. Mtu akitoa simu na kuweka kipande cha sabuni cha gramu 190, mizani itanyamaza. Huyo atakamatwa na mstari wa kalamu uliokatika na video ya mpokeaji. Mizani haitajua pia kwamba umemtumia mteja simu nyeusi badala ya bluu, kwa sababu rangi haina uzito, wala kwamba chaja uliyoweka ni mbovu. Kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo mizani inavyopoteza ukali. Katika boksi la kilo nne lenye nguo, viatu na simu moja, gramu 190 zinaweza kumezwa na magazeti uliyoongeza au kupunguza. Mzigo wa namna hiyo unahitaji orodha iliyosomwa kitu kwa kitu wakati wa kupanga, nakala moja ndani ya boksi na nyingine kwa mtumaji, na kila kitu kitiwe alama kinapoingia, siyo kabla wala baada. Orodha inayotiwa alama zote mwishoni kwa mkupuo ni sawa na boksi lililosomwa nje.

Jambo jingine ni muda. Ukaguzi wote huu, kwa simu moja, unachukua dakika chache tu, lakini jioni dakika hizo zinapatikana kwa tabu. Mwenye duka alirudisha nyuma ahadi yake: malipo yakiingia baada ya saa 11, mzigo unaondoka kesho. Mwanzoni alipoteza wateja waliotaka basi la jioni hiyohiyo. Naamini alifanya sawa. Ukaguzi ambao haujatengewa muda ndio wa kwanza kurukwa siku yenye kazi nyingi, na siku yenye kazi nyingi ndiyo hasa boksi tupu hushushwa rafuni.

Linabaki dirisha la stendi. Kusafirisha vifurushi vya watu kwa malipo ni huduma inayohitaji leseni ya TCRA chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kampuni za mabasi zinazopokea mizigo ya watu wasiosafiri nazo zinahusika. Ofisi ambazo bado zinaandika jina la bidhaa kama mtumaji alivyolitamka, bila kupima, zinajiweka zenyewe katikati ya ugomvi ambao haziwezi kuutatua. Karani wetu alitukanwa Jumamosi kwa kosa lililofanyika kilomita moja kutoka kwenye kiti chake, na hakuwa na hata namba moja ya kujitetea. Ombi langu kwa wenye madirisha hayo pale Mbezi Luis ni dogo: wekeni mizani mezani, ongezeni kwenye stakabadhi nafasi ya kuandika uzito, mpime mbele ya mtumaji mzigo unapoingia na mbele ya mpokeaji unapotoka. Na wewe unayetuma, kama dirisha lako bado halina mizani, pima nyumbani na umwombe karani aandike namba hiyo kwa mkono kabla hajagonga mhuri.